Dua ya Bwaloni

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, mvua ilimega ubavu wa Mlima Hanang, mkoani Manyara. Tope, mawe na magogo vikateremka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Waliobaki bila makazi walipelekwa shuleni, na kwa siku kadhaa madarasa yakawa vyumba vya kulala.

Mtu akiombwa kuwatungia watu kama hao dua ya kusomwa jioni, aanzie wapi?

Utenzi unafaa kuliko shairi la mishororo mirefu. Kila kipande kina mizani 8, pumzi moja tu, na kipande cha nne hurudia kina kilekile ubeti hadi ubeti. Msomaji mmoja hutangulia na vipande vitatu, umati ukapokea cha nne, hata gizani, hata kwa asiyejua kusoma. Na kwa kuwa bwaloni Mkristo na Mwislamu wamelala mkeka mmoja, "Mola" ni jina ambalo wote watalitamka bila kusita.

Beti mbili zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya makala hii. Wa kwanza unataja hasara:

Mola, tope limepita,
nyumba zetu limefuta,
wengine bado twaita,
hatujasikia neno.

Hapa hakuna "mtihani" wala "mipango ya Mungu". Maneno hayo huenda mfiwa akayasema mwenyewe siku yake ikifika. Akiambiwa na mgeni aliyelala kwake pakavu, huyasikia kama amri ya kunyamaza. Kinachotajwa ni tope, nyumba, na wale ambao bado wanaitwa.

Ubeti wa pili ndio mgumu, maana tumaini huponyoka haraka likawa ahadi:

Tupe leo pa kulala
na asubuhi chakula;
waliopotea, Mola,
tuletee lao neno.

Kipande cha tatu kilianza kama "na aliyepotea, Mola". Hesabu kwa vidole: mizani 9, ulimi unajikwaa. Kukigeuza kiwe cha wengi kulirudisha 8, na kukawaingiza wote wanaotafutwa badala ya mmoja.

Cha nne nacho kingeweza kuomba warudi salama. Lakini bwaloni yupo baba ambaye kesho ataitwa chumba cha maiti kutambua mwili, na dua iliyomwahidi mtoto mzima itakuwa imemdanganya. "Neno" linabeba habari yoyote, njema au mbaya, na kwa anayengoja, kujua tu ni hitaji.

Baada ya kipande hicho msomaji hunyamaza, atakaye akataja jina la mtu wake. Wengine hutaja mawili, matatu. Aliyejifunika kanga kichwani ukutani haulizwi. Anaachwa hapo hapo, na taa haizimwi mpaka majina yaishe.