Kilele cha Dakika Kumi

Moyo wa mgonjwa ukisimama hospitalini, madaktari humchoma adrenalini miligramu 1 kwenye mshipa. Zikipita dakika 3 hadi 5 moyo haujarudi, humchoma nyingine, kisha nyingine. Sababu ni kwamba dawa hiyo haikai mwilini. Mgonjwa mahututi ambaye presha yake imeshikiliwa na adrenalini huwekewa dripu isiyokatika, na muuguzi anayeijua kazi huandaa dozi ya pili kabla ya kwanza kwisha. Akichelewa dakika chache tu, presha inaweza kuporomoka.

Adrenalini hiyohiyo hutengenezwa na mwili wenyewe, na ina mkono katika kisa ambacho watu wengi wanakifahamu bila kukijua jina. Mtu amekaa kwenye daladala au amesimama kwenye foleni ya benki. Mara moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, mikono inatetemeka, jasho linamtoka na vidole vinaingia ganzi. Kichwani linabaki wazo moja tu, kwamba anakufa au anarukwa na akili. Wataalamu huita hali hiyo shambulio la hofu. Aliyeshikwa nalo huamini kwamba linapanda na litazidi kupanda mpaka kitu fulani ndani yake kipasuke. Muuguzi mwenye dripu angemwambia kwamba kupanda bila kikomo ndilo jambo ambalo kemia ya mwili hairuhusu.

Kazi inaanzia kichwani. Ubongo ukishaamua kwamba kuna hatari, iwe ya kweli au ya kudhaniwa, amri hupita kwenye neva na kuufikia moyo ndani ya sekunde chache. Neva hizohizo huziamsha tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini kwenye damu. Damu huuzunguka mwili wote kwa muda wa dakika moja hivi, kwa hiyo haichukui muda kabla ya moyo, misuli, ngozi na utumbo kupata habari kwa pamoja. Ndiyo maana shambulio huja kwa kishindo. Kwa kipimo cha madaktari, hofu inayojijenga polepole mchana kutwa ni wasiwasi wa aina nyingine. Shambulio lenyewe hufikia kilele ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya dakika 10.

Lakini tangu tone la kwanza linapoingia kwenye damu, limeshaanza kuharibiwa. Vimeng'enya vilivyomo kwenye ini, figo na sehemu nyingine huivunja adrenalini, na neva nazo hufyonza sehemu yake. Katika kila dakika 2 hadi 3, nusu ya iliyokuwamo huwa imeondoka. Ni kama kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka: kina hupanda pale tu mtu anapomimina kwa kasi kuliko tundu linavyotoa. Tezi zikiacha kumimina, baada ya dakika 10 hubaki kama sehemu moja ya kumi ya ile adrenalini iliyokuwamo wakati wa kilele, au pungufu ya hapo.

Mwili haungoji vimeng'enya peke yake. Kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingoni na karibu na moyo kuna vihisio vinavyopima msukumo wa damu. Presha inapopanda ghafla, vihisio hivyo hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo hutumia neva ya vagasi kuupunguzia moyo mwendo. Hakuna anayeifundisha neva hiyo wala kuiamrisha. Hufanya kazi hata kwa mtu anayepiga kelele kwamba anakufa.

Adrenalini, hata hivyo, haibebi lawama yote. Watafiti waliopima damu ya watu wakati wa shambulio wamekuta viwango vinavyotofautiana sana, na baadhi ya wagonjwa hawakuonyesha ongezeko kubwa. Sehemu ya kishindo hutoka kwenye neva za moyo zenyewe, ambazo hutumia noradrenalini, nayo pia huondolewa upesi. Sehemu nyingine hutoka kwenye pumzi. Mtu mwenye hofu huhema haraka na kutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko anayoitengeneza. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo husinyaa kidogo na kizunguzungu huanza, pamoja na ile hisia ya ajabu ya kuona dunia kama ndoto. Midomo na vidole huchonyota kama vimetobolewa kwa sindano ndogondogo. Mtu huyo anajiona amekosa hewa, kumbe akibanwa kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, mara nyingi kitaonyesha kiwango cha kawaida kabisa. Wengi pia huogopa kuzimia, jambo ambalo ni nadra katika hali hii, kwa kuwa kuzimia kwa kawaida hutokana na presha kushuka na hapa presha imepanda.

Tarehe 5 Novemba 2017, Kevin Love, nyota wa mpira wa kikapu wa timu ya Cleveland Cavaliers ya Marekani, alikuwa akicheza nyumbani dhidi ya Atlanta Hawks. Alikuwa na umri wa miaka 29 na hajawahi kupatwa na kitu kama hicho. Muda mfupi baada ya mapumziko, kocha alipoita timu pembeni, Love akahisi moyo unamwenda mbio kuliko kawaida na pumzi haipatikani. Hakurudi uwanjani. Alikimbilia vyumba vya ndani, akahangaika kutoka chumba kimoja hadi kingine, mwishowe akajikuta amelala chali sakafuni akitafuta hewa. Alipelekwa hospitali, akapimwa, na vipimo vikatoka safi. Siku mbili baadaye alicheza dhidi ya Milwaukee Bucks na kufunga pointi 32. Mwezi Machi 2018 aliyaandika yote hayo hadharani, na wanamichezo wengi wakaanza kuzungumza.

Vipimo vile safi vina maana yake. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani wakinung'unika: nilikuwa nakufa, wakanipima, wakasema sina kitu. Wakati mwingine hushuku kwamba daktari hajui kazi au kwamba ugonjwa wao si wa hospitali. Lakini ukihesabu muda wa kuitafuta bajaji, foleni ya magari, mapokezi na kufungua faili, kilele kimeshapita zamani. Daktari anapima mwili ambao umeshamaliza kazi ya kujisafisha. Kinachobaki ni uchovu, misuli kuuma, mikono kutetemeka kidogo na machozi kuwa karibu. Kotisoli, homoni nyingine ya msongo, huondoka taratibu zaidi, na mtu anaweza kujisikia amechoka kwa saa kadhaa.

Sasa mbona wapo wanaoapa kwamba lao lilidumu saa nzima, au usiku kucha?

Hawasemi uongo. Daktari Claire Weekes wa Australia, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1962, alitenganisha hofu mbili. Ya kwanza ni ule mlipuko unaokuja wenyewe. Ya pili ni ile ambayo mtu anaiongeza anapoutazama mlipuko: je, huu ni moyo? Je, nikianguka hapa mbele za watu? Kila swali la namna hiyo ni amri mpya kwa tezi zile za juu ya figo. Saa moja ya hofu, ikichunguzwa vizuri, mara nyingi huwa ni mawimbi kadhaa yaliyofuatana, kila moja na kilele chake na mteremko wake, huku wasiwasi wa kawaida ukijaza nafasi zilizo katikati.

Jinsi amri hiyo inavyotolewa ilionekana katika jaribio lililochapishwa mwaka 1988 na Anke Ehlers na wenzake. Watu walisikilizishwa sauti waliyoambiwa ni mapigo ya moyo wao, kisha sauti ikaharakishwa kwa hila. Mioyo yao haikuwa imebadilika. Waliokuwa na historia ya mashambulio waliingiwa na wasiwasi, na mapigo na presha zao halisi zikapanda. Wale wasio na historia hiyo hawakuitikia hivyo. Habari ya uongo kuhusu moyo ilitosha kuuamsha moyo wa kweli.

Kutokana na saa hii fupi ya mwili hutokea kosa moja linalowagharimu watu miaka. Kwa kuwa shambulio litashuka tu, chochote kilichofanywa muda mfupi kabla ya kushuka ndicho kinachopewa sifa. Aliyeshuka kwenye daladala anaamini kushuka kumemwokoa, na kesho hapandi. Aliyekunywa soda baridi hatoki tena bila soda. Wengine hutembea na kidonge cha diazepamu mfukoni na kukimeza moyo unapoanza kukimbia, kisha wanapona ndani ya dakika 10. Lakini kidonge hicho kwa kawaida hufikia kilele chake kwenye damu baada ya kama saa moja. Kilipoanza kufanya kazi sawasawa, shambulio lilikuwa limeshakwisha, na sifa zikaenda kwa kidonge. Mtu anayekimbia kila mara kwenye dakika ya tatu hapati nafasi ya kuiona dakika ya kumi na tano, kwa hiyo anaendelea kuamini kwamba angekufa kwenye dakika ya nne. Watabibu wa saikolojia hulishughulikia hilo moja kwa moja: humwomba mgonjwa ahemee kwenye mrija mwembamba, azungushwe kwenye kiti au apande ngazi mbio mpaka dalili zije, kisha akae nazo bila kukimbia huku saa ikitazamwa.

Yote haya yana mpaka. Uvimbe adimu wa tezi za juu ya figo unaweza kumwaga adrenalini bila hofu yoyote, na huja na presha ya juu sana, kichwa kuuma na jasho jingi. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huukimbiza moyo hata mtu akiwa ametulia. Kahawa nyingi, miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu huleta dalili zinazofanana na hizi. Kwa hiyo anayepatwa kwa mara ya kwanza anapaswa kupimwa, hasa akiwa na umri mkubwa, kisukari au presha. Maumivu ya kifua yanayoanza mtu anapopanda kilima na kutulia anapopumzika, yanayosambaa kwenye mkono au taya, au yanayoendelea bila kupungua baada ya dakika 15 au 20, hayasubiriwi kwa kutazama saa. Huyo apelekwe hospitali mara moja.