Kwa nini mnajimu hukuuliza dakika uliyozaliwa

Tuchukue watoto wawili waliozaliwa Dar es Salaam tarehe 20 Machi 2024, katika wodi moja. Wa kwanza alizaliwa saa 11:30 alfajiri, wa pili saa 12:30 asubuhi. Ukifungua ukurasa wa nyota gazetini utaambiwa kwamba wote ni Samaki, maana Hamali, ile ambayo wengi huiita Punda, huandikwa kuwa inaanza tarehe 21 Machi. Mnajimu anayefanya hesabu atakataa. Siku hiyo jua liliingia Hamali saa 12 na dakika 6 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kwa hiyo wa kwanza ni Samaki na wa pili ni Hamali, ingawa kati yao imepita saa moja tu.

Tarehe ya gazetini ni kadirio. Mwaka 2023 jua liliingia Hamali tarehe 21 Machi, dakika 24 baada ya saa 6 usiku. Mwaka 2025 liliingia tarehe 20 Machi, saa 6 na dakika 1 mchana. Mpaka huo huhama kila mwaka kwa sababu mwaka wa jua una takribani robo siku inayozidi siku 365. Ndiyo maana mtu aliyezaliwa tarehe za mpakani hawezi kujua buruji yake bila mwaka, saa na mahali.

Ili tuelewane, tuanze na duara lenyewe. Njia ya jua angani hugawanywa katika nyuzi 360, na kila buruji kati ya zile 12 hupewa nyuzi 30. Kila nyuzi ina dakika 60, na hizi si dakika za saa ya ukutani bali ni vipande vya nyuzi. Jua hutembea karibu nyuzi moja kwa siku. Katika mfano wetu, wakati mtoto wa kwanza anazaliwa jua lilikuwa Samaki, nyuzi 29 na dakika 58. Wa pili alipozaliwa lilikuwa Hamali, nyuzi 0 na dakika 1. Nafasi iliyo kati ya sehemu hizo mbili angani ni nyembamba kuliko upana wa jua lenyewe tunavyoliona.

Hapa ndipo zinapoingia dekani. Buruji moja yenye nyuzi 30 hukatwa vipande vitatu vya nyuzi kumi kumi, na buruji zote 12 zikawa na vipande 36. Asili yake ni Misri ya kale. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita Wamisri walichora ndani ya vifuniko vya majeneza majedwali ya makundi 36 ya nyota. Kila kundi lilichukua zamu ya kuchomoza alfajiri kwa siku kumi, kisha likafuata jingine, na kwa njia hiyo makuhani walijua saa za usiku. Baadaye Wagiriki waliokaa Misri waliziingiza dekani hizo katika buruji, na wanajimu wa Kiarabu wakaziita wajihi, yaani nyuso.

Kila uso ulipewa sayari ya kuutawala. Utaratibu wake huanza na Mirihi kwenye uso wa kwanza wa Hamali, kisha Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi, Zuhali na Mushtarii, halafu mzunguko unarudi kwa Mirihi. Sasa hesabu kidogo: sayari ni 7 na nyuso ni 36. Saba mara tano ni 35, kwa hiyo unabaki uso mmoja. Uso huo wa mwisho, ambao ni wa tatu wa Samaki, unaangukia Mirihi tena. Matokeo yake ni kwamba nyuzi kumi za mwisho za Samaki na nyuzi kumi za kwanza za Hamali zinatawaliwa na sayari moja, na ndiyo sehemu pekee ya duara yenye nyuso mbili za mtawala mmoja zilizopakana.

Rudi kwa watoto wetu. Buruji zao ni mbili tofauti, lakini kwa hesabu ya nyuso jua la kila mmoja liko chini ya Mirihi. Wahindi wana mpango mwingine, ambao nyuso tatu za buruji hugawiwa buruji tatu za asili moja: za moto kwa moto, za maji kwa maji. Kwa mpango huo uso wa tatu wa Samaki ni wa Nge, na uso wa kwanza wa Hamali ni wa Hamali mwenyewe. Nge na Hamali, kwa kanuni ya zamani, zote ni nyumba za Mirihi. Hapo mipango miwili imekubaliana, lakini sehemu nyingi hupishana. Kwa hiyo ukiambiwa “dekani yako ni ya sayari fulani”, uliza kwanza imehesabiwa kwa mpango upi.

Zipo pia nyuzi zinazoitwa nyeti. Vitabu vingi huziorodhesha bila maelezo: 0, 13 na 26 katika buruji zinazofungua majira, yaani Hamali, Kaa, Mizani na Mbuzi, 9 na 21 katika buruji tulivu, yaani Ng'ombe, Simba, Nge na Ndoo, 4 na 17 katika zile zinazofunga majira, yaani Mapacha, Mashuke, Mshale na Samaki. Msomaji hubaki akijiuliza namba hizi zimetoka wapi.

Zimetoka kwenye manazili ya mwezi, vituo 28 ambavyo walimu wa falaki wa pwani yetu wanavifahamu kwa majina: Sharatain, Butain, Thuraya na kuendelea. Mwezi hutembea nyuzi 13 na ushei kwa siku, hivyo hulala karibu kila usiku katika kituo kipya. Gawanya 360 kwa 28, utapata nyuzi 12 na dakika 51. Anza na 0 ya Hamali. Kituo cha pili kinaanzia nyuzi 12 na dakika 51, na cha tatu nyuzi 25 na dakika 43. Cha nne kimeshavuka hadi Ng'ombe, nyuzi 8 na dakika 34, na cha tano kinaanzia Ng'ombe nyuzi 21 na dakika 26. Viwili vinavyofuata vinaanzia Mapacha, nyuzi 4 na dakika 17, kisha nyuzi 17 na dakika 9. Kinachofuata kinaangukia 0 ya Kaa, na mpango unajirudia. Zifanye hesabu hizo ziwe namba nzima na utaiona ile orodha: 0, 13, 26, 9, 21, 4, 17.

Kumbe nyuzi nyeti ni mlango wa kituo cha mwezi, na namba iliyo kitabuni imekadiriwa. Mtu ambaye mwezi wake uko Simba nyuzi 21 kamili bado hajafika mlangoni. Amebakiza dakika 26. Na mlango wenyewe umeachwa na nyota zake. Kituo cha tatu kinaitwa Thuraya, ambayo ni Kilimia yetu, nyota ambazo wakulima walizitazama ili kujua msimu. Kwa jedwali, kituo hicho kinaishia Ng'ombe nyuzi 8. Kilimia chenyewe, kwa kipimo hicho hicho, leo kipo mwanzoni mwa Mapacha, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole na kusogeza mwanzo wa hesabu nyuzi moja kwa kila miaka 72 hivi. Wanajimu wa Kihindi hulirekebisha hilo kwa kutoa karibu nyuzi 24. Kwao watoto wetu wote wawili ni Samaki, tena mbali na mpaka.

Nyuzi ya mwisho ni ile ambayo chati huandika 29, kuanzia 29 kamili hadi buruji inapokwisha. Kwa kuhesabu ni ya thelathini, kwa sababu hesabu imeanzia sifuri. Sifa yake mbaya, kwamba huashiria haraka, majuto au jambo lililokwisha, ina chanzo. Wanajimu wa kale waliigawa pia kila buruji katika mipaka mitano isiyolingana, kila mmoja na sayari yake. Katika jedwali lililoenea zaidi, mpaka wa mwisho wa kila buruji, bila kubakiza hata moja, umepewa Mirihi au Zuhali, sayari mbili walizozihesabu kuwa za nuhusi. Jua la mtoto wetu wa kwanza liko kwenye mpaka wa Zuhali. La wa pili limeingia mpaka wa Mushtarii, sayari ya heri. Hapa saa moja imebadili hukumu yote.

Hata hivyo kinachoharibu chati nyingi si jua, kwa kuwa jua ni la polepole. Mwezi humaliza nyuzi moja kwa karibu saa 2. Tali, yaani nyuzi inayochomoza mashariki mtu anapozaliwa, husogea nyuzi moja kwa takribani dakika 4. Mtoto wa pili alizaliwa jua likichomoza Dar es Salaam, kwa hiyo tali yake ilikuwa mpakani pia; muuguzi akichelewa dakika chache kutazama saa, tali inahamia buruji nyingine. Tali ya wa kwanza ilikuwa karibu katikati ya Samaki, kwenye uso wa pili. Kosa la dakika 40 linatosha kuvuka dekani nzima.

Kwetu kuna makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni saa ya Kiswahili. Mama anasema “saa tatu usiku”, mwanawe anaandika 3:00 kwenye programu badala ya 21:00, na tali inakwenda kombo kwa buruji tatu hivi. La pili ni saa ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Kenya ilitangulia saa ya Grinichi kwa saa 2 na dakika 45, si saa 3. Robo saa hiyo ni karibu nyuzi 4 za tali, na programu ambayo haina historia hiyo itakosea kimyakimya. Dalili ya kosa ni rahisi kuiona: aliyezaliwa jua likichomoza lazima jua na tali yake viwe karibu sehemu moja. Visipokuwa hivyo, saa imeandikwa vibaya.

Wengi wetu pia tumepewa “nyota” kwa njia nyingine kabisa: herufi za jina lako na la mama hugeuzwa kuwa namba, zikajumlishwa na kugawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho buruji. Njia hiyo haitazami anga, wala haina nyuzi. Anayekuhesabia hivyo kisha akakutajia nyuzi yako ya mwisho amechanganya mambo mawili.

Nyuzi yenyewe ni kipimo cha kweli, na yeyote anaweza kuikagua. Maana inayotundikwa juu yake ni mapokeo. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambamo wanajimu hawakuweza kuzioanisha chati za watu na tabia zao kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Kwa hiyo, anayekutajia dekani au nyuzi nyeti bila kukuuliza saa, mahali na mwaka uliozaliwa hajapiga hesabu yoyote. Usimlipe.