Nani Ana Haraka, Nani Anasubiri: Kusoma Daftari la Oda na Mkanda wa Miamala

Kila muamala una mnunuzi na muuzaji, na kiasi kinachonunuliwa ndicho kinachouzwa. Kwa hiyo anayesema bei imepanda kwa sababu wanunuzi walikuwa wengi kuliko wauzaji bado hajaeleza kitu. Bei hupanda pale mwenye haraka ya kununua anapokubali kulipa bei anayoitaka muuzaji, anamaliza mzigo uliopo kwenye bei hiyo, kisha analazimika kupanda ngazi inayofuata. Mtu anayeingia sokoni na kutoka ndani ya dakika moja au mbili ana swali moja tu la kujibu: nani ana haraka, na nani amekaa akimsubiri?

Nitatumia soko moja ninaloliona kuwa darasa zuri kuliko yote, yaani mkataba wa E-mini S&P 500 unaouzwa katika soko la CME la Chicago, ambao kwenye skrini huandikwa ES. Ni mkataba wa bei za baadaye unaofuata faharasa ya kampuni kubwa za Marekani. Bei yake husogea kwa hatua ya pointi 0.25, hatua ambayo wafanyabiashara huiita tiki, na tiki moja kwa mkataba mmoja ni dola 12.50. Kwa kawaida hubadilisha mikono mikataba zaidi ya milioni moja kwa siku, na oda zote hukutana katika mashine moja. Wenye bei ileile hupangwa kwa foleni, aliyetangulia kufika akihudumiwa kwanza.

Soko hili husomwa kwa madirisha mawili. La kwanza ni daftari la oda, linalotajwa kwenye skrini kama DOM. Humo kila ngazi ya bei ina idadi ya mikataba inayosubiri: wanaotaka kununua wako chini, wanaotaka kuuza wako juu. La pili ni mkanda wa miamala, dirisha linaloandikwa Time & Sales. Mkanda unaonyesha biashara iliyokwisha kufanyika, saa yake, bei na idadi. Programu nyingi hupaka rangi nyekundu pale muuzaji alipokuwa na haraka akauza kwa bei ya mnunuzi anayesubiri, na kijani pale mnunuzi alipopanda kwenye bei ya muuzaji.

Daftari ni nia, mkanda ni tendo. Oda iliyo kwenye daftari inaweza kufutwa wakati wowote kabla haijaguswa, na nyingi hufutwa. Ndiyo maana kosa linalowagharimu wanaoanza ni kuona mikataba 900 ikisubiri kuuzwa ngazi nne juu, wakaamini kwamba bei imegonga dari.

Kesi ya Navinder Sarao inaonyesha jinsi imani hiyo inavyoweza kutumiwa. Alikuwa akifanya biashara ya ES kutoka nyumbani kwa wazazi wake, Hounslow, magharibi mwa London. Programu yake iliweka oda kubwa za kuuza ngazi kadhaa juu ya bei na kuzisogeza kila bei iliposogea ili zisiguswe. Walioziona walidhani wauzaji wamejaa. Tarehe 6 Mei 2010, siku ambayo soko la Marekani liliporomoka kwa ghafla na kurejea muda mfupi baadaye, oda zake zilibadilishwa takriban mara 19,000 kabla ya kufutwa, kwa mujibu wa Wizara ya Sheria ya Marekani. Alikiri makosa mwaka 2016. Sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 inakataza waziwazi kuweka oda kwa nia ya kuifuta, lakini sheria haikuondoa hila yenyewe, na mtu anaweza kufuta oda kwa sababu halali kabisa. Kwa hiyo usiulize oda ni kubwa kiasi gani. Angalia inafanya nini bei inapoikaribia. Inayokimbia haikukusudia biashara. Inayobaki, ikauziwa na bado ikabaki, ndiyo ya kushughulika nayo.

Hapo ndipo madirisha mawili yanapokuwa moja. Tuchukue mfano wa kutunga, wenye namba nyepesi. Bei imeshuka kwa dakika kadhaa na imefika 5,000.00. Daftari linaonyesha wanunuzi wa mikataba 180 kwenye ngazi hiyo. Mkanda unaanza kukimbia kwa rangi nyekundu: 12, 40, 7, 65, 31, yote kwa 5,000.00. Idadi kwenye daftari inashuka hadi 25, na mtazamaji anatarajia ngazi ivunjike. Haivunjiki. Inarudi 140, inauziwa tena hadi 30, inarudi 160, na hali hiyo inaendelea. Ukijumlisha miamala yote myekundu ya ngazi ile unapata 640, ilhali daftari halikuwahi kuonyesha zaidi ya 180. Ni kisima kinachochotwa na kujaa. Kuna mtu, au watu, wananunua zaidi ya wanavyoonyesha, na soko la CME linaruhusu oda ya namna hiyo: unaonyesha sehemu ndogo, na ikiisha, nyingine hutokea na kupanga foleni upya nyuma.

Jumlisha miamala ya ngazi nzima, usitafute muamala mmoja mkubwa. Programu moja inaweza kuunganisha oda iliyogawanyika, nyingine ikaionyesha vipandevipande, na kampuni kubwa hukata oda zao makusudi ili zisionekane.

Hata hivyo, kujaa kwa kisima si ishara ya kuingia. Mnunuzi mkubwa anaweza kuchoka, au akawa ameshanunua alichotaka. Mimi husubiri mambo mawili zaidi. La kwanza ni haraka ya wauzaji kupungua: mkanda uliokuwa ukikimbia unatulia, na idadi za rangi nyekundu zinakuwa 3, 1, 2, zikija kwa kuachana. La pili ni mtu wa kwanza mwenye haraka ya upande wa pili: miamala ya kijani inatokea kwa 5,000.25, mzigo wa wauzaji pale unapungua bila kujazwa tena, na wanunuzi wapya wanajipanga. Hapo ndipo pa kuingia, kwa kununua 5,000.25.

Dalili za kushindwa nazo huonekana mapema. Ngazi ikiuziwa lakini inajazwa kidogo zaidi kila mara, 140, kisha 90, kisha 45, mnunuzi anaishiwa. Wanunuzi wa ngazi za chini, 4,999.75 na 4,999.50, wakianza kuondoa oda zao kabla hawajaguswa, wanaogopa. Na mkanda ukiongeza kasi badala ya kutulia, wauzaji wana mzigo mkubwa kuliko anayepokea. Aliyeingia mapema akiona hayo atoke. Asisubiri bei imfuate kwenye kikomo chake cha hasara.

Wengi hudhani ni nafuu kujipanga kwenye foleni ya 5,000.00 kuliko kulipa tiki moja zaidi. Fikiria nafasi yako: mbele yako kuna mikataba 180. Ili uhudumiwe, hao wote wauziwe au waondoke. Bei ikigeuka haraka kwenda juu, ulikokusudia, unaachwa. Ngazi ikivunjika, unahudumiwa bila wasiwasi, sekunde moja kabla ya hasara. Oda inayosubiri nyuma ya foleni hupata kwa uhakika biashara mbaya na hukosa nyingi zilizo nzuri. Bei ya kuingia huwa nafuu kweli kwa aliye mbele ya foleni, na huko mbele mara nyingi kuna mashine.

Sasa tupige hesabu ambayo masomo mengi ya mtandaoni huiruka. Umenunua mkataba mmoja kwa 5,000.25, lengo ni 5,001.25, kikomo cha hasara ni 4,999.50. Lengo ni tiki nne, dola 50. Hasara ni tiki tatu, dola 37.50. Tuseme ada zote za kuingia na kutoka ni dola 4. Ukishinda unabaki na dola 46, ukishindwa unapoteza 41.50, kwa hiyo unahitaji kushinda angalau biashara 48 kati ya 100 ili usipoteze. Lakini kikomo cha hasara hugeuka kuwa oda ya soko wakati kila mtu anakimbia, na kuteleza kwa tiki moja ni jambo la kawaida. Hasara inakuwa dola 54, na sasa unahitaji kushinda 54 kati ya 100. Tiki moja tu imehamisha mpaka kati ya faida na hasara. Katika biashara hii ubora wa kutekeleza oda una uzito sawa na usomaji wenyewe.

Kwa wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi kuna mpaka mwingine, nao ni umbali. Mashine ya CME iko Aurora, nje kidogo ya Chicago, karibu kilomita 13,000 kutoka hapa. Mwanga ndani ya nyaya hauwezi kwenda na kurudi umbali huo kwa chini ya sekunde 0.12, na intaneti halisi huchukua zaidi. Unachokiona kimeshapita. Mbinu inayotegemea kuwa wa kwanza kwenye foleni si yako. Tukio linalojengeka kwa nusu dakika, kama lile la 5,000.00, bado linaweza kusomeka kutoka huku.

Chagua pia saa. Soko la hisa la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi yao, na hapo mkanda huwa na watu wa kutosha. Dakika chache kabla ya takwimu kubwa kama za ajira, oda huondolewa na daftari hukonda. Usilisome wakati huo, kwa sababu wanaolijaza kwa kawaida wamejiweka pembeni.

Wengi wetu hufanya biashara ya sarafu kupitia madalali wa mtandaoni, na hao niwaambie wazi: soko la sarafu la papo kwa papo halina daftari moja la pamoja. Kina anachokuonyesha dalali wako ni cha kwake na cha wanaompa bei, na kile kinachoitwa ujazo kwenye programu nyingi ni hesabu ya mara ambazo bei imebadilika, wala si kiasi kilichouzwa. Hakuna kisima cha kupima hapo. Anayetaka kujifunza usomaji huu atafute soko lenye mashine moja na foleni inayojulikana, arekodi vipindi vya ES, kisha kwa kila ngazi iliyoshika au kuvunjika ahesabu ni mikataba mingapi iliuziwa na daftari lilionyesha ngapi. Akianza kutumia fedha, kuna mkataba mdogo, MES, wenye tiki ya dola 1.25. Aweke oda zake huko, lakini asome ES, na kwanza aulize ada, kwa sababu ada ya dola 1.25 kwenye MES ni tiki nzima.