Barafu ya Jangwani: Kwa Nini Jangwa Huunguza Mchana na Kugandisha Usiku

Katika mji wa Meybod, mkoani Yazd, kwenye nchi kavu ya Irani ya kati, limesimama kuba kubwa la udongo lililojengwa karne nyingi kabla umeme haujafika huko. Wenyeji huliita yakhchali. Chini ya kuba hilo kuna shimo pana, na humo ndimo watu walimohifadhi barafu hadi kiangazi, wakati jua la Yazd linapopandisha joto hadi nyuzi 40 za Selsiasi. Barafu nyingine ililetwa kutoka milimani, lakini nyingine ilitengenezwa papo hapo nje ya kuba. Usiku wa majira ya baridi maji yalimwagwa kwenye bwawa lenye kina kifupi, yakaachwa wazi chini ya nyota, na alfajiri watu wakavunja barafu na kuibeba ndani. Maji hayo yaliweza kuganda hata usiku ambao hewa yenyewe ilikuwa haijafika nyuzi 0.

Nchi inayounguza nyayo inawezaje kuzaa barafu? Jibu halimo kwenye mchanga, ingawa wengi huanza kulitafuta huko. Limo zaidi kwenye kitu ambacho jangwa halina: maji, yaliyo ardhini na yaliyo hewani.

Tuanze na mchana. Saa sita, jua likiwa utosini na anga haina wingu, kila mita ya mraba ya ardhi hupokea nishati ya karibu wati 1,000. Mchanga mkavu hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga huo, mara nyingi zaidi ya theluthi moja, ndiyo maana unaumiza macho. Unachobakiza ndicho hugeuka kuwa joto. Shamba la majani mabichi hurudisha mwanga mchache zaidi, kwa hiyo hupokea joto jingi kuliko mchanga, na bado halichomi. Tofauti iko katika namna kila moja linavyolitumia joto hilo.

Kwenye shamba lenye unyevu, sehemu kubwa ya nishati ya jua hutumika kugeuza maji kuwa mvuke. Kazi hiyo hula nishati kwa kiasi cha kustaajabisha: kuvukiza lita moja ya maji huhitaji takriban mara saba ya nishati inayotosha kuichemsha lita hiyo kutoka joto la kawaida la chumbani. Siku ya jua kali, shamba lililonyweshewa vizuri linaweza kupoteza lita tano za maji kwa kila mita ya mraba, na hapo karibu nusu ya nishati ya jua la siku hiyo inakuwa imeondoka na mvuke bila kuipasha ardhi hata kidogo. Jangwani hakuna maji ya kuvukizwa. Nishati yote iliyobaki huishia kwenye mchanga na kwenye hewa inayougusa.

Tena haisambai hata ndani ya mchanga. Mchanga mkavu umejaa nafasi za hewa kati ya chembe na chembe, na hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Hivyo joto la siku hurundikana kwenye sentimita chache za juu. Uso wa mchanga unaweza kupita nyuzi 70, lakini ukichimba kina cha nusu mita utakuta halijoto ambayo haijui kama ni mchana au usiku. Wanyama wengi wa jangwani huishi kwa kutegemea ukweli huo, wakijichimbia chini mchana kutwa. Jambo hili tulishike, kwa sababu ndilo linaloamua usiku utakavyokuwa: jangwa hufika magharibi likiwa na joto kali juu juu, lakini akiba yake ni ndogo.

Jua likizama, mapato yanakoma na matumizi yanaendelea. Kila kitu chenye joto hutoa miale ya joto isiyoonekana kwa macho, iitwayo infraredi: ukuta, ngozi ya mtu, jiwe, mchanga. Ardhi huitoa mchana na usiku, ila mchana hatuoni hasara hiyo kwa kuwa jua linalipa zaidi. Usiku miale hiyo hupanda kuelekea angani, na hatima yake inategemea kile itakachokutana nacho njiani.

Karibu asilimia 99 ya hewa kavu ni nitrojeni na oksijeni, na gesi hizo mbili haziizuii miale ya joto hata chembe. Mwanafizikia John Tyndall, mzaliwa wa Ireland, alianza kulipima jambo hili maabarani jijini London mwaka 1859. Alipitisha miale ya joto ndani ya bomba alilolijaza gesi mbalimbali, moja baada ya nyingine, akakuta kwamba mvuke wa maji, ambao hauonekani na ni sehemu ndogo sana ya hewa, hunyonya miale hiyo kwa nguvu. Kabonidioksidi nayo hunyonya, lakini hiyo imeenea kwa kiasi karibu sawa juu ya jangwa na juu ya msitu. Mvuke ndio unaotofautiana sana kati ya mahali na mahali. Palipo na mvuke mwingi, au mawingu, miale inayopanda hunaswa, na sehemu yake kubwa hurudishwa chini. Mvuke huo ndio blanketi la ardhi, na jangwa hulala bila kujifunika.

Ukavu huo una asili yake. Majangwa makubwa kama Sahara yako kwenye ukanda ambapo hewa iliyopanda karibu na ikweta, ikamwaga mvua zake huko, huteremka tena. Hewa inapoteremka hubanwa na kupata joto, na mawingu hayawezi kujengeka ndani yake. Kwa hiyo anga ile ile inayoliachia jua lipige mchana kutwa bila kizuizi ndiyo inayoliacha joto liondoke usiku kucha. Joto la mchana na baridi ya usiku vina mzazi mmoja.

Sasa turudi kwenye bwawa la Yazd tulipigie hesabu. Maji yaliyokaribia kuganda hutoa miale ya joto ya wati 315 hivi kwa kila mita ya mraba. Anga kavu ya usiku wa baridi hurudisha wati 220 hivi. Hasara halisi ni karibu wati 100. Usiku wa saa 12 ukiendelea hivyo, kila mita ya mraba hupoteza kiasi cha kilojuli 4,300. Kugandisha kilo moja ya maji ambayo tayari yamefika nyuzi 0 huhitaji kuyaondolea kilojuli 334. Ukigawanya, unapata kilo 13 za barafu, yaani tabaka lenye unene wa sentimita moja na ushee. Kwa hiyo bwawa lilipaswa kuwa la kina kifupi. Maji yakiwa mengi, usiku mzima huishia katika kuyapoza tu, na jua huchomoza kabla hayajaganda.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba hakuna joto linaloingia kutoka pembeni, na hapo ndipo kazi ilipoweza kuharibika. Hewa iliyo juu ya bwawa ni ya joto kidogo kuliko maji. Ikitulia, maji yanaendelea kupoa; upepo ukivuma, huleta hewa hiyo ya juu na kuyarudishia maji joto yaliyopoteza. Wajenzi walilijua hilo. Walisimamisha ukuta mrefu wa udongo upande wa kusini wa bwawa, ambao mchana ulilitupia kivuli na usiku ukasaidia kulikinga na upepo. Usiku wa mawingu, hata ukuta bora haukufaa kitu, maana mawingu yalirudisha karibu joto lote lililopanda.

Ndiyo sababu pia taarifa ya hali ya hewa inaweza kusema nyuzi 3 na asubuhi ukakuta maji yameganda kwenye sahani. Kipimajoto cha kituo hukaa ndani ya kijumba chenye kivuli, kama mita moja na nusu juu ya ardhi. Ardhi iliyo wazi chini yake hutazamana moja kwa moja na anga, na usiku mtulivu inaweza kuwa baridi zaidi kwa nyuzi 5 au hata zaidi. Hewa inayogusa ardhi hiyo hupoa, huwa nzito, na hutiririka polepole kuelekea mabondeni. Msafiri anayelala kwenye korongo hupata baridi kuliko aliyelala mteremkoni.

Hata hivyo, si kila jangwa huganda kila usiku, na picha hiyo inayorudiwa mara nyingi inahitaji kusahihishwa. Jangwa huhakikisha kushuka kwa joto, mara nyingi nyuzi 15 au 20 kati ya alasiri na alfajiri, lakini haliamui utakapoishia. Hilo hutegemea ulianzia wapi. Kule In Salah, katika Sahara ya Aljeria, mwezi wa Julai alasiri hukaribia nyuzi 45, na alfajiri hushuka hadi karibu 30. Kushuka kupo, ila hakuna anayetetemeka. Tamanrasset, iliyo katika nchi hiyo hiyo lakini kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, Januari huwa na mchana wa nyuzi 20 hivi na usiku wa nyuzi 5, na usiku mwingine hufika kwenye kuganda. Chalbi, jangwa la kaskazini mwa Kenya, liko karibu na ikweta na mahali pa chini, kwa hiyo usiku wake hupoa bila kufikia baridi ya namna hiyo.

Pwani ya Omani inaonyesha upande wa pili. Mvua ya Maskati ni haba kama ya jangwani, lakini bahari iko mlangoni na huijaza hewa mvuke. Usiku wa Juni huko halijoto hubaki karibu nyuzi 30, na jasho halikauki. Ardhi ni ya jangwa, anga si ya jangwa, na usiku huifuata anga.

Kanuni hii inafanya kazi hata mahali ambapo hakuna jangwa. Unguja, penye hewa nzito ya bahari, tofauti ya mchana na usiku kwa kawaida haizidi nyuzi 10. Njombe, juu milimani, Juni na Julai anga hutakata, hewa hukauka, na alfajiri nyingine majani huamka na sakitu, yaani umande ulioganda. Mkulima wa huko anayefunika miche kwa nyasi jioni anaizuia isitazamane na anga. Nyasi hizo hazina joto lake zenyewe. Zinapokea miale ya ardhi na miche na kuirudisha chini. Dalili za usiku wa hatari zinaweza kusomwa jioni bila chombo chochote: anga isiyo na wingu, upepo uliokufa, na hewa kavu inayopasua midomo. Zote tatu zikikutana, miche na ifunikwe kabla jua halijazama, ardhi ikiwa bado na joto la kuhifadhiwa.