Picha Iliyofutwa Telegram Imekwenda Wapi?

Wako wanaoshikilia kwamba picha ikifutwa katika Telegram imepotea milele, na wako wanaoapa kuwa haipotei kamwe. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinachanganya hifadhi mbili tofauti: seva za kampuni, na folda ya muda iliyomo simuni.

Mwalimu mmoja wa Kemia alitumiwa na mwanafunzi wake picha ya jedwali la matokeo ya jaribio. Mwanafunzi akaifuta baadaye kwa wote wawili, akidhani ni picha nyingine. Tangu Machi 2019, yeyote kati ya watu wawili wanaoandikiana Telegram anaweza kufuta ujumbe wowote kwa pande zote, hata uwe wa zamani. Ukifutwa hivyo, kampuni yasema seva zake hazibaki na nakala.

Lakini mwalimu alikuwa amekwisha kuifungua picha hiyo, na simu haiwezi kuonyesha picha bila kuipakua. Nilimshauri azime intaneti, asiguse kitufe cha Clear Cache, kisha aunganishe simu yake ya Android na kompyuta kwa waya. Tukafungua folda hii:

```
Android/data/org.telegram.messenger/cache
```

Kompyuta ilihitajika kwa sababu tangu Android 11, iliyotolewa mwaka 2020, programu nyingi za kusimamia faili huzuiwa kuingia humo. Majina ya faili ni tarakimu tupu, hayamwambii mtu lolote. Tukazipanga kwa tarehe, tukatazama zenye kuishia kwa .jpg za siku ile. Nyingi zilikuwa vijipicha vyenye ukungu. Iliyo kubwa zaidi ndiyo iliyokuwa jedwali, nasi tukainakili mara moja.

Bahati ilimwangukia. Aghalabu programu hufuta faili pamoja na ujumbe wake, na mpangilio wa Keep Media nao husafisha folda baada ya muda uliowekwa. Kama asingaliifungua, na upakuaji wa moja kwa moja umezimwa, kusingalikuwa na cha kutafuta. Anayekuuzia programu ya "kurudisha kila kitu" hawezi kuingia katika seva. Naye hupekua folda hizi hizi.

Upande wa pili hutajwa mara chache. Kusafisha folda hiyo hakufuti mazungumzo: ukigusa picha, hupakuliwa tena kutoka seva. Nawe ukijifutia mwenyewe tu, nakala hubaki huko katika kumbukumbu za mwenzako hadi naye aifute. Mazungumzo hayo ya kawaida husimbwa, ila funguo zake zimo mikononi mwa kampuni. Secret Chat pekee ndiyo isiyohifadhiwa katika seva. Yaliyomo hukaa katika simu mbili zinazoandikiana, na simu moja ikipotea, mwenyewe hawezi kuyafungua katika simu mpya.