Kibanio cha Nne Hakifungwi Kwenye Betri

Probox imelala usiku kucha na taa zikiwaka katika mtaa mmoja wa Kariakoo. Asubuhi dereva anazungusha ufunguo. Stata inagonga ta-ta-ta, taa za dashibodi zinafifia, basi. Jirani mwenye IST anajitolea, na waya za kubusti zinatolewa kwenye buti, mmoja mwekundu na mwingine mweusi. Kuanzia hapo kila mpita njia ni fundi. Mmoja anataka waanze na mweusi, mwingine anataka vibanio vigonganishwe kwanza ili waone kama moto upo.

Kugonganisha huko ndiko kubaya kuliko yote. Ndani ya betri mna sahani za risasi zilizozama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri inapochajiwa, hasa ikikaribia kujaa, umeme huyagawa maji hayo kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, ambazo hutokea kwenye matundu ya kupumulia. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kushika moto. Cheche ndogo inatosha. Moto ukipenya ndani ya betri, kasha hupasuka na kurusha vipande pamoja na asidi, na aliyeinama juu yake ndiye anayepokea usoni. Kuchungulia maji ya betri kwa mwanga wa kiberiti kunaleta balaa lilelile.

Basi IST inasogezwa hadi waya zifike, lakini magari yasigusane. Injini zote mbili zinazimwa, pamoja na taa na redio, breki ya mkono inavutwa, na boneti zinaachwa wazi hewa ipite. Kisha dereva anatafuta alama ya kujumlisha kwenye kila betri. Asiamini rangi peke yake, kwani gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi huenda limefungwa waya wa rangi yoyote iliyokuwepo dukani siku hiyo. Kukosea chanya na hasi huunguza fyuzi na altaneta, na cheche zake si ndogo.

Kibanio chekundu cha kwanza kinabana chanya ya Probox, cha pili chanya ya IST. Chekundu kinatangulia kwa sababu bodi na injini za magari haya vimeunganishwa na upande wa hasi. Kama mweusi ungekuwa umeshafungwa pande zote mbili, kibanio chekundu kikiteleza na kugusa bati lolote, umeme ungepiga shoti papo hapo. Mweusi ukiwa bado haujafungwa, na magari hayagusani, shoti ya kuvuka kutoka gari moja hadi jingine haina njia.

Cha tatu, cheusi, kinabana hasi ya IST. Kimebaki kimoja, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa mkono unakwenda wenyewe kwenye hasi ya Probox. Mguso huu wa mwisho ndio unaokamilisha njia ya umeme, kwa hiyo cheche, kama ipo, itaruka hapa. Kibanio hicho kipelekwe kwenye chuma kitupu cha injini ya Probox, kama boliti nene isiyo na rangi, mbali na betri na mbali na feni. Cheche itaruka, lakini itarukia mahali pasipo na gesi.

IST inawashwa na kuachwa ingurume kama dakika 5, ndipo Probox ijaribiwe. Ikishawaka, waya zinatolewa kwa kurudi nyuma: cheusi cha kwenye injini kwanza, chekundu cha Probox mwisho. Kukata njia nako huzaa cheche.

Kuna betri zisizobustiwa kabisa: iliyopasuka, inayovuja, iliyovimba, au inayonuka kama yai viza. Lori la Fuso lenye umeme wa volti 24 nalo lisiombwe msaada hata kama dereva wake ni rafiki. Gari dogo linatumia volti 12. Asidi ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe hospitali.

Probox ikigoma tena kesho yake bila taa kuachwa wazi, mita ya fundi itatoa jibu. Injini ikiwa inanguruma, magari mengi husoma kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye betri. Ikisoma 12 na ushee, altaneta haichaji, na kununua betri mpya hakutasaidia. Ikichaji vizuri lakini betri haishiki umeme hadi asubuhi, fundi apime betri yenyewe, na pia atafute kama kuna kifaa kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa.