Tarakimu Sita za Chupa ya Dawa

Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, iliagiza dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin iondolewe sokoni. Maabara yake ilisema imekuta ndani yake kiwango kikubwa cha dayathilini glaikoli, kemikali inayoharibu figo na inayoweza kuua. Agizo halikuhusu kila chupa yenye jina hilo. Lilihusu toleo namba 329304, lililotengenezwa Afrika Kusini Mei 2021 na ambalo muda wake ulikuwa unaisha Aprili 2024. Siku chache baadaye Kenya, Tanzania, Rwanda na Zimbabwe nazo zikalisimamisha toleo hilo kwa tahadhari, na Afrika Kusini ikaliongezea la pili, 329303. Kenvue, kampuni yenye chapa hiyo, ilisema vipimo vyake yenyewe havikuikuta kemikali hiyo.

Kwa mwenye duka la dawa, tangazo kama hilo huleta swali moja: toleo hili limepita kwangu? Jina la dawa halimsaidii kujibu, wala rangi ya boksi. Kinachomsaidia ni zile tarakimu sita, kama ziliandikwa sawasawa kwenye karatasi zilizokuja na mzigo.

Karatasi hizo kwa kawaida ni za Kiingereza, na mara nyingi hutoka India, zinakotengenezwa dawa nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki. Wenye maduka wengi si wafamasia. Wameweka mtaji, wakaajiri mfamasia wa kusimamia taaluma, lakini malipo na mikataba wanatia saini wenyewe. Ndiyo maana baadhi yao humpelekea mfasiri bahasha nzima: ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, cheti cha uchambuzi cha kila toleo, na ukurasa wa masharti ya mauzo. Wanataka kusoma kwa Kiswahili wanachokilipia.

Mfasiri asiyeijua biashara hii hutumia nguvu nyingi kwenye majina marefu ya kemikali. Hayo ndiyo mepesi, kwa sababu mfamasia atayatambua hata yakiachwa kama yalivyo. Hasara hujificha kwenye namba fupi na kwenye tarehe.

Namba ya toleo, ambayo dukani wengi huiita bechi namba, ni alama ambayo kiwanda huipa dawa iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, kwa malighafi zilezile. Vidonge vyote vya mkupuo huo vina historia moja, kwa hiyo kikipatikana kimoja chenye kasoro, vyote vinashukiwa. Kila kiwanda kina mtindo wake. Kimoja huandika tarakimu tupu, kingine huchanganya herufi, mkwaju na kistari, na kingine huficha mwaka na mwezi ndani ya namba. Mfasiri hana ruhusa ya kuusafisha mtindo huo. Kistari kikiondolewa au nafasi ikiongezwa, anayeitafuta namba kwenye kompyuta siku ya tangazo anaweza kuambiwa haipo. Mtego mkubwa zaidi ni herufi O na sifuri, herufi I na moja, herufi S na tano, hasa pale mfasiri anapofanyia kazi picha ya simu iliyopigwa kwenye karatasi iliyokunjwa. Mwenye uzoefu hakisii. Huandika kwamba herufi ya nne haisomeki, kisha anaomba nakala safi.

Tarehe zina ugumu wa aina nyingine. Dawa nyingi hubeba mwezi na mwaka tu, bila siku. Boksi likiandikwa EXP 05/2026, dawa hiyo inaruhusiwa kutumika hadi siku ya mwisho ya Mei 2026. Lakini baadhi ya watengenezaji hutumia maneno ya Kiingereza yenye maana ya “itumike kabla ya”. Huduma ya afya ya Uingereza huwaeleza wagonjwa kwamba maneno hayo yakifuatwa na mwezi, kwa kawaida mwisho ni siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia. Kwa hiyo “itumike kabla ya 05/2026” inaishia tarehe 30 Aprili. Mfasiri anayeandika “mwisho wa matumizi: Mei 2026” kwa boksi zote mbili amempa mteja wake mwezi mzima ambao haupo.

Kuna hesabu nyingine inayowashtua wenye maduka. Cheti kinasema dawa hudumu miezi 24, imetengenezwa 06/2024, na mwisho wake ni 05/2026. Anayehesabu kwa vidole huona mwezi mmoja umeibwa, na mfasiri mwenye haraka hushawishika “kusahihisha” iwe 06/2026. Hakuna kilichoibwa. Watengenezaji wengi huuhesabu mwezi wa kutengeneza kuwa wa kwanza, na China kanuni za lebo za dawa zinaagiza hivyo: mwezi unaoandikwa kuwa wa mwisho ni ule unaoutangulia mwezi unaolingana na wa kutengeneza. Hata ile Benylin ya Mei 2021 hadi Aprili 2024 ilifuata hesabu hiyo, miaka mitatu kamili.

Kwa sababu hizi, tafsiri nzuri ya tarehe huwa na sehemu mbili. Kwanza huandikwa kilichochapishwa, herufi kwa herufi, 05/2026. Kando yake hufuata maelezo ya Kiswahili: “inatumika hadi 31 Mei 2026”. Mfamasia akitaka kuhakiki, anakuta la kiwanda na la mfasiri kila moja mahali pake. Utaratibu huo husaidia zaidi tarehe inapoandikwa kwa namba tatu, kama 04/05/2026. Kwa Mhindi na Mtanzania hiyo ni tarehe 4 Mei. Kwa Mmarekani ni tarehe 5 Aprili.

Tuchukue mfano wa shehena moja, namba zake zikiwa za kutunga. Mfanyabiashara wa dawa wa Dar es Salaam ameagiza katoni 120 za kapsuli za amoksilini za miligramu 250. Orodha ya vifurushi inataja matoleo matatu: AX4061 katoni 50, AX4062 katoni 50, na AX4067 katoni 20. Yote yametengenezwa 06/2024 na yanaishia 05/2026. Vyeti vya uchambuzi navyo ni vitatu: AX4061, AX4062 na AX4057.

Anayefasiri karatasi moja baada ya nyingine bila kuzilinganisha atapita hapo bila kuona kitu. Anayeijua kazi hupanga jedwali dogo mwishoni, kila toleo na karatasi zinazolitaja, na papo hapo tofauti hujitokeza. Toleo AX4067 lina katoni lakini halina cheti. AX4057 lina cheti lakini halina katoni. Huenda karani wa kiwanda alikosea kubonyeza. Huenda pia ni matoleo mawili tofauti kweli, na katoni 20 zimesafiri na cheti cha dawa nyingine. Mfasiri hawezi kujua ni lipi kati ya hayo, na si kazi yake kuchagua. Anaziacha namba zote mbili kama zilivyo na kuweka tanbihi kwamba haziwiani.

Ukurasa wa masharti ndio wenye fedha. Katika mfano wetu, muuzaji anaahidi kwamba dawa zitakuwa na angalau asilimia 75 ya muda wake “wakati wa kupakiwa melini”. Asilimia 75 ya miezi 24 ni miezi 18. Ukihesabu nyuma kutoka 31 Mei 2026, miezi 18 inaanzia 30 Novemba 2024. Meli ilipakia Mumbai tarehe 10 Novemba 2024, ikashusha Dar es Salaam tarehe 5 Desemba. Wakati wa kupakia, dawa zilikuwa na miezi 18 na wiki tatu, na ahadi ilitimia. Zilipofika zilikuwa na miezi 17 na siku 26.

Mfasiri akiandika kwa ulegevu “zitaletwa zikiwa na angalau asilimia 75 ya muda wake”, mwenye duka ataamini anaweza kukataa mzigo, atagombana na muuzaji, na atashindwa. Ilhali mamlaka ya udhibiti wa dawa huweza kuwa na kiwango chake cha muda uliobaki, kinachopimwa mzigo unapoingia nchini bila kujali mkataba wa watu wawili. Tafsiri sahihi humwonyesha mnunuzi pengo lililopo kati ya anachodaiwa na serikali na anachoahidiwa na muuzaji, mapema, kabla hajatuma fedha. Hapo bado anaweza kuomba sharti libadilishwe lisomeke “wakati wa kufika bandarini”.

Sharti jingine la kusomwa polepole ni la kurudisha mali. Wauzaji wengi hawapokei dawa iliyobakiza muda chini ya kiwango fulani, tuseme miezi sita. Kwa toleo linaloishia 31 Mei 2026, mlango huo unafungwa mwisho wa Novemba 2025. Mfasiri makini huiandika tarehe hiyo kando ya sharti, kwa sababu mwenye duka ataitafuta siku atakapoona katoni zimejaa vumbi stoo.

Yapo ambayo karatasi haziwezi kusema hata zikifasiriwa vyema. Hazionyeshi kama kontena lilikaa juani siku nne ilhali cheti kinataka dawa ihifadhiwe chini ya nyuzijoto 30. Hazionyeshi kilichochapishwa kwenye boksi lenyewe. Ndiyo maana tafsiri hupelekwa stoo pamoja na karatasi asili, na mfamasia hufungua katoni za kila toleo, kusoma namba kwenye katoni, kwenye boksi na kwenye karatasi ya vidonge, kisha kuzilinganisha na jedwali.

Katika shehena yetu, katoni zile 20 zilikutwa na AX4067 mahali pote. Bado cheti kinakosekana. Muuzaji akituma ujumbe wa simu kusema “ni kosa la uchapaji tu”, ujumbe huo hauwi cheti. Kinachotakiwa ni cheti kipya cha AX4067, chenye matokeo ya vipimo vya toleo hilo na saini ya mhusika wa ubora kiwandani. Hadi kifike, katoni 100 zinaweza kuendelea na taratibu za kupokelewa, na zile 20 zinakaa pembeni zikiwa na kibandiko cha kuzuia mauzo.